Mdomo wa Kuazima

Mtaa mzima uliniuguza kifafa nisichokuwa nacho, na sikuweza kukana. Ndivyo kazi yangu ilivyo. Na kabla hujaniuliza kama nina haki ya kuyasimulia haya, jibu ni ndiyo, mwenye siri mwenyewe ameniruhusu. Aliyasoma yote, akafuta sentensi mbili, akanirudishia. Hizo mbili hutazijua, kwa hiyo usinisumbue.

Mimi ni mkalimani wa lugha ya alama. Niliijua kabla ya kujua kusoma, maana shangazi yetu aliyetulea alikuwa kiziwi, na nyumbani kwake ukitaka kitu uliomba kwa mikono. Mdogo wangu alikuwa mvivu. Alijifunza alama za kuomba chakula tu, akaishia hapo mpaka leo.

Kazi yenyewe watu hawaielewi. Wanadhani naenda kumsaidia kiziwi. Simsaidii mtu, naazimisha mdomo. Kiziwi akisema kwa mikono kwamba tumbo linamuuma, mimi sisemi "anasema tumbo linamuuma." Nasema "tumbo linaniuma," kwa sauti yangu, kama vile ni langu. Akitukana, natukana. Akidanganya, nadanganya, na uongo si wangu. Siongezi, sipunguzi, sishauri. Tukishatoka chumbani, yaliyosemwa sijayasikia. Siri ya mtungi aijuaye kata, wanasema, na mimi ndiye kata. Mume wangu nimeishi naye miaka na hajui mtu hata mmoja niliyemkalimania. Mwanzoni alinuna, baadaye akazoea.

Bwana tunayemwita Winchi aliletwa kwangu na mdogo wangu huyohuyo. Wanafanya kazi pamoja kwenye jengo la ghorofa linalojengwa nyuma ya stendi. Winchi ni kiziwi tangu utotoni, naye ndiye aliyekuwa akiendesha ile mashine ya kupandisha ndoo ya zege kwa kamba ya chuma. Usishangae. Pale mashine ya kuchanganyia zege inanguruma kutwa, hakuna anayemsikia mwenzake, kila mtu anaongea kwa mikono: pandisha, shusha, simama. Wenye masikio wanababaika, yeye ndio lugha yake. Msimamizi wao alisema hajawahi kupata mtu mwenye jicho kama lile. Sehemu nyingine zote Winchi alikuwa "yule bubu." Pale alikuwa fundi.

"Dada, kuna rafiki yangu anataka kwenda hospitali," mdogo wangu aliniambia. "Mimi alama zangu unazijua, nitamwagizia ubwabwa."

Nikaenda naye. Kabla ya kuanza, nilifanya ninavyofanya siku zote: nikawaeleza yeye na daktari kwamba nitafasiri kila kitu, kwamba sitatoa neno nje, isipokuwa maisha ya mtu yakiwa hatarini. Winchi akaitikia kwa kichwa. Watu wote huitikia kwa kichwa. Ni maneno ya mlangoni yale, kama "karibu," na sijui hata leo kama aliyashika au aliyaacha yapite.

Akaeleza. Kwamba mara nyingine ananusa mpira unaoungua wakati hakuna kinachoungua, halafu kipande cha muda kinapotea. Mke wake amemwona akitafuna na mdomoni hamna kitu, macho yamekodoka, ukimgusa hajui. Halafu anarudi, amechoka, hakumbuki. Daktari akauliza maswali mengi, akampeleka kwenye kipimo cha kichwa, akamwambia ni kifafa. Winchi alibisha, kwani yeye haanguki wala hatoi povu. Daktari akamwambia kipo cha namna hiyo pia, kinamchukua mtu akiwa amekaa palepale. Akampa dawa na makatazo: asipande juu, asiogelee peke yake, asiguse mashine mpaka atakapoambiwa.

"Kazini kwako sitasema kitu," daktari alisema, nami nikaipeleka kwa mikono. "Kusema ni juu yako. Lakini nikijua umerudi kwenye mashine na kuna watu chini yake, hapo sitanyamaza."

"Nimeelewa," nikasema mimi, kwa niaba yake.

Tukaenda dirisha la dawa. Lile dirisha lina kitundu kidogo, lazima uinamie na kupaza sauti. Winchi alisimama pembeni, akauliza kwa vidole karibu na tumbo, taratibu, kama mtu anayejikuna. Nami nikapaza: "Hizi dawa zangu za kifafa nizinywe kabla ya kula au baada?"

Nyuma yangu alikuwa amepanga foleni mama mwenye duka la vitambaa wa mtaani kwetu. Sikumwona. Ningemwona pia isingesaidia, maana ningesema nini? Kwamba si mimi, ni huyu? Ndiyo ingekuwa nimemwanika mchana kweupe. Nilirudi nyumbani, na habari ilikuwa imeshatangulia na kuvua viatu sebuleni.

Mama mkwe alifika na begi. Akakaa. Akanikataza kusogelea jiko, akanikataza kwenda bafuni na mlango umefungwa, na usiku alikuwa akija kunisikiliza kama napumua. Mume wangu alinishika mkono, akaniuliza kwa nini nilimficha. Nikasema siumwi. Akauliza, basi zile dawa za nani? Nikanyamaza. Kwake kunyamaza kulikuwa jibu tosha. Nilikasirika mpaka machozi yakanitoka, na mama mkwe akaona machozi, akasema dalili ndiyo hizo.

Yote hayo ningeyabeba, maana aibu haijaua mtu. Kilichonichanganya kilikuja mezani, kwa mdogo wangu, anayekula kwangu kila jioni kama vile ameandikiwa.

"Leo Winchi katutania," alisema huku akicheka. "Ndoo imejaa, inapanda, mimi niko chini naisubiri irudi, naona inashuka. Hakuna aliyempa ishara. Inashuka tu. Nikaruka pembeni, ikaja kusimama hapa." Akaonyesha juu kidogo ya kichwa chake. "Namtazama, kakaza macho kama samaki wa sokoni. Halafu akashtuka, akaipandisha. Kila mtu kacheka."

Mimi sikucheka. Nikamwambia ale. Nilijiambia labda ni utani kweli, labda ni breki, mashine za zamani zile. Nilijiambia pia kwamba mimi sijui kitu, kwa sababu kwa kanuni yangu sijui kitu.

Kesho yake tulirudi kwa daktari na Winchi. Daktari akamuuliza kama ameacha mashine. Winchi akajibu bila kupepesa, na mimi nikasema, kwa sauti yangu, nikimtazama daktari usoni: "Nimeacha. Sasa nafunga nondo."

Tulipotoka kwenye korido, Winchi alicheka. Aliniambia kwa mikono kwamba amemdanganya. Kwamba nondo zinafungwa na vibarua, yeye si kibarua. Halafu uso ukabadilika, akaniambia lile jambo kama mtu anayetua mzigo: jana ilimjia akiwa na ndoo juu. Breki ya winchi ile ni ya mguu. Mguu ulilegea. "Nilipozinduka, ndoo ilikuwa kichwani kwa mdogo wako. Walidhani natania, nikacheka nao."

"Na dawa?" niliuliza.

"Zinanipa usingizi. Nakunywa siku ambazo hakuna zege."

Mimi si daktari. Mimi si msimamizi. Nimelishwa siri kwenye korido, si chumbani, na mwenye siri ananitazama kwa sababu mimi ndiye mtu pekee nje ya nyumba yake anayemwelewa. Nikamuaga. Nilipanda ngazi badala ya kushuka, nikajikuta wodi ya wazazi, nikaulizwa nimemfuata nani.

Jambo la kwanza lililonijia, na nalisema waziwazi, ni kumwambia mdogo wangu aache ile kazi. Neno moja tu. Kesho usiende. Asingeuliza sana, angefurahi kulala. Wangu angepona, siri ya Winchi ingebaki, na mimi ningelala. Damu nzito kuliko maji. Lakini chini ya ile ndoo hasimami mdogo wangu peke yake. Wapo wanaochota zege, wapo wanaosukuma toroli, wana dada zao pia. Na nikishamwambia "usiende," atawauliza wenzake kuna nini, na mpaka saa ya chai jengo zima litakuwa linamwita Winchi mwenye kifafa. Ingekuwa nimetoa siri na sijazuia kitu. Nikaiweka kando hiyo fikra, ikawa inarudi, naiweka kando, inarudi.

Nikaenda kwa mama mmoja aliyenifundisha ukalimani. Kwetu wakalimani inaruhusiwa kuomba ushauri, ila bila jina, bila mahali, bila kitu cha kumfanya mtu ajulikane. Nikamwambia: kuna mtu, ana ugonjwa wa kupotewa na fahamu, anafanya kazi ambayo akipotewa, wengine wanaweza kufa.

Alikuwa anachambua maharage. Hakuinua kichwa. "Unajua, au unadhani?"

"Ameniambia mwenyewe. Na imeshatokea mara moja."

"Itatokea tena lini?"

"Wakati wowote. Kesho."

"Yeye umemwambia kwamba hutaweza kukaa kimya?"

Nikasema bado. Akaacha maharage. "Basi umeanza mwisho. Anza kwake. Siri ni yake, mpe nafasi aiseme mwenyewe. Akikataa, mwambie utakwenda kwa nani na utasema nini, asije akasikia kwa watu. Halafu nenda kwa yule mmoja mwenye uwezo wa kuzuia. Si kwa wawili. Umwambie kinachotosha kuzuia, uishie hapo. Jina la ugonjwa, nyumbani kwake wamesema nini, alilia au hakulia, hayo hayazuii kitu."

"Na kama mmoja wa wanaoweza kufa ni ndugu yangu?"

"Basi jiulize ungefanya nini kama si ndugu yako. Ukiona jibu ni lilelile, fanya hilo. Na huyo ndugu usimnong'oneze, maana utakuwa umewaacha wenzake."

Nikamuuliza nikikosea itakuwaje. Akasema kwamba nikinyamaza naweza kukosea, na nikisema naweza kukosea, na kwamba yeye mwenyewe aliwahi kusema na hajui mpaka leo. Nilitegemea mwalimu aniondoe njia panda, yeye akaniongezea ya tatu.

Siku hiyohiyo, saa ya mapumziko ya mchana, nilikwenda kwenye jengo. Nilisimama nje ya uzio wa mabati mpaka akatoka. Tukakaa juu ya matofali, mbali na wenzake, ingawa mbali au karibu hakuna ambaye angeelewa. Nikamwambia yote kwa mpangilio. Kwamba siri yake nimeitunza na nitaitunza. Kwamba ndoo ile ni jambo jingine, maana roho za watu ziko chini yake. Kwamba namwomba amwambie msimamizi ampe kazi ya chini, hata bila kutaja ugonjwa. Au twende wote kwa daktari, nimkalimanie, aseme ukweli. Na kwamba asipofanya lolote, asubuhi nitamwambia daktari jambo moja tu: kwamba bado yuko kwenye mashine na ilimchukua akiwa juu yake.

Mikono yake ilitulia. Kiziwi akitulia mikono, ni kama mtu aliyepigwa kofi.

"Wewe ni mdomo wangu," alisema. "Mdomo haumsemi mwenyewe."

"Nilikueleza siku ya kwanza. Yote ni siri isipokuwa—"

"Hukunieleza."

"Nilieleza. Uliitikia."

"Mimi huwa naitikia," alisema. "Maisha yangu yote naitikia. Nisipoitikia watu wanakasirika."

Akaniambia kwamba duniani pana mahali pamoja ambapo watu huitazama mikono yake na kutii, na ndipo ninapotaka kumtoa. Akaniambia nimpende mdogo wangu, ni haki yangu, ila nisijidai ni kanuni. Hilo lilinichoma kwa sababu sikujua kama ni uongo. Nikamuuliza kama mchana ule kuna zege. Akasema hapana, wanashusha nondo, zege ni kesho asubuhi. Nikamwambia basi ana mpaka kesho asubuhi kabla ya zege. Akaondoka bila kuniaga.

Jioni ile mdogo wangu alikula, akasifu mboga, akamtania mama mkwe. Nilimtazama kichwa. Nilikuwa sijawahi kukiangalia vizuri kichwa chake, kina kovu dogo nyuma alipoanguka tukicheza. Nilifungua mdomo, akasema, "Nini, dada?" Nikamwambia akitaka maji ya kunawa yako kwenye ndoo. Nikakaa jikoni, na mama mkwe akaja kunitazama mboni za macho.

Asubuhi nilifika kwa daktari kabla hajavaa koti. Winchi hakuwepo. Nilimsubiri mlangoni kadiri nilivyoweza, nikitazama barabara, kila kofia naiona yake. Hakuja. Nikaingia.

Ilikuwa mara ya kwanza kumwambia daktari yule kitu kwa niaba yangu mimi, na sauti ilinitoka vibaya. "Leo sikalimani," nilisema. "Ni mimi ninayesema. Yule bwana hajaacha mashine. Imeshamchukua akiwa ameshika ndoo. Leo wanamimina zege. Nilimwambia nitakuja kwako."

Daktari aliuliza kama hakunisikia vibaya. Nikarudia. Akamtumia Winchi ujumbe wa simu, akangoja, akatuma tena. Kimya. Akatafuta namba ya msimamizi wa jengo. Nilitaka kutoka, akaniambia nibaki nisikie, ili nisije nikadhani amesema zaidi. "Mwendesha winchi wako asiguse mashine mpaka nimwone mimi," alisema kwenye simu. Msimamizi, nilisikia, akauliza anaumwa nini. "Hilo ni lake. Langu ni kwamba asiguse mashine, na kwamba kazi ya chini anaiweza." Akakata.

Basi ndiyo hiyo. Hakuna aliyekufa. Zege lilimiminwa na mtu mwingine, taratibu, wakachelewa kumaliza. Jioni mdogo wangu alikuja na hasira.

"Winchi katolewa kwenye mashine," alisema. "Kapewa nondo. Hatujui kwa nini. Kuna mtu mbaya kamchomea, dada, watu wana roho mbaya. Mtu na ufundi wake. Ningemjua aliyemchomea ningemwambia maneno yake."

Nikamwongezea mboga. Akala yote, na kichwa chake kiko pale pale shingoni.

Hapo ndipo nilipochanganyikiwa zaidi ya mwanzo. Ningepata usingizi kama lingetokea jambo. Kama Winchi angepotewa siku ileile akiwa kwenye nondo, ningesema, unaona. Haikutokea. Alianza kunywa dawa kila siku, kwa hasira, na hakupotewa tena, na huenda asingepotewa hata kwenye winchi. Mtu akizuia moto, haoni nyumba iliyoungua, anaona tu maji aliyomwaga sakafuni kwa watu. Na maji nilimwaga. Viziwi wa mjini kwetu ni wachache na wanaongea. Wengine walianza kuja hospitali na watoto wao wawakalimanie. Mwanamke mmoja niliyemjua miaka aliniuliza kwa mikono, kwa heshima zote, mdomo wangu unakula kwa nani. Nikamweleza mpaka wa siri uko wapi, safari hii taratibu, nikamwambia anirudishie kwa alama zake mwenyewe nilichosema. Tangu hapo sikubali mtu aitikie kwa kichwa.

Kifafa changu nacho kiliendelea. Mume wangu alinunua kitabu kuhusu ugonjwa huo, masikini, akawa ananisomea. Winchi sikumwona.

Halafu siku moja muuguzi akaniita, kuna mgonjwa kanitaka mimi na hataki mwingine. Alikuwa yeye. Hakunisalimia vizuri. Tukaingia kwa daktari, nikamkalimania, kila neno, akaongea naye habari za dawa na usingizi na lini anaweza kufikiriwa tena kwa mashine. Daktari akasema tusubiri. Winchi hakuitikia kwa kichwa. Akauliza, "Tusubiri mpaka lini, na utajuaje?" Daktari akamweleza upya.

Tukaenda dirisha la dawa. Foleni ilikuwa ndefu, na mwenye duka la vitambaa alikuwemo, mara hii nikamwona. Aliponiona alimsogelea jirani yake sikioni. Winchi hasikii lakini macho anayo, na mwenye macho haambiwi tazama. Akaniuliza yule mama anasema nini juu yangu. Nikamwambia siyo kazi yangu. Akasisitiza. Nikamwambia: anasema nina kifafa, alinisikia siku ile nikikuulizia dawa. Mtaa mzima unajua. Mama mkwe amehamia kwangu.

"Na wewe hukusema si wewe?"

"Ningemsema nani?"

Aliyekuwa nyuma akatuambia tusogee. Nikainamia kitundu, nikaanza, "Naomba dawa zangu za—" na nikahisi mkono begani. Winchi alinisogeza pembeni. Akaigeukia foleni yote. Akajigonga kifua, akalionyesha dirisha la dawa, akajigonga kifua tena. Akaninyooshea mimi kidole, akatikisa kichwa: huyu hapana. Hapakuhitajika mkalimani. Mwenye duka la vitambaa akatazama viatu vyake.

Halafu akanigeukia mimi, na mikono yake ikasema taratibu, ili nisikose hata moja.

"Sijakusamehe. Lakini ugonjwa ni wangu. Nirudishie."

Nikamrudishia. Nikamwambia mtu wa dirishani kwamba dawa ni za huyu bwana, Winchi akasaini, tukatoka. Jioni mama mkwe alipanga begi lake, na mdogo wangu akala mpaka sufuria ikabaki nyeupe.